Mikataba ya simu Uingereza: upi unakuachia mlango wa kutokea?

Binamu yangu anafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Leeds. Mwezi wa tisa wa mkataba wake wa simu alikuja kwangu jioni, bili mkononi, na swali ambalo alistahili kujibiwa siku ile ile aliposaini dukani. "Kaka, nikitaka kuondoka leo, wananidai ngapi?"

Nikamwambia asimpigie mtu yeyote. Kwenye simu yake tukaandika neno moja, INFO, tukalituma kwenda 85075. Kampuni zote za simu Uingereza zinalazimika kujibu ujumbe huo ndani ya dakika moja, bure. Chai ilikuwa bado haijamiminwa jibu likaingia: ada ya kuvunja mkataba, pauni 561.60. Yeye alidhani anadaiwa mwezi mmoja wa notisi, yaani pauni 39.

Wengi wetu tunachagua mkataba kwa kulinganisha bei ya mwezi na idadi ya GB. Ukishaishi nao ndipo unaona kwamba kilicho muhimu zaidi ni mambo mawili: utalipa nini ukitaka kutoka kabla ya wakati, na ni nani anayesimamisha bili isipande. Ndiyo mambo ninayolinganisha hapa, kwa mikataba ya Uingereza, kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo inayowabana Waswahili wengi waliohamia huku.

Aina tatu, zinazofanana kwa nje

Mkataba wa kwanza ni laini peke yake, ya siku 30. Simu ni yako, unanunua dakika na data tu, na kila mwezi unaweza kuacha. Baadhi ya wauzaji, kama giffgaff na SMARTY, wanakutoza mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo hakuna mkopo wala uchunguzi wa historia yako ya mikopo. Wengine wanakutumia bili kama mkataba wowote. Laini hiyo hiyo inauzwa pia kwa miezi 12 au 24 kwa bei ya chini kidogo, na hapo mlango unafungwa.

Wa pili ni mkataba wa pamoja: simu, dakika na data katika malipo mamoja kwa miezi 24. Hiyo miezi 24 ndiyo mwisho unaoruhusiwa na Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, kwa mkataba wa huduma ya simu wa mteja wa kawaida.

Wa tatu ni mkataba uliogawanywa. Unasaini karatasi mbili. Moja ni mkopo wa simu yenyewe, ambao kwa kampuni kama O2 unaweza kuunyoosha hadi miezi 36. Nyingine ni huduma ya dakika na data. Kwenye tangazo la dukani huu wa tatu na ule wa pili huonekana kitu kimoja, kwa sababu wanakuandikia jumla moja kwa herufi kubwa. Muulize muuzaji: "Nasaini mikataba mingapi?" Akisema miwili, muulize tena ule wa huduma ni wa muda gani. Jibu la swali hilo la pili lina thamani ya mamia ya pauni, na hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini.

Hesabu ya kutoka mwezi wa tisa

Tuchukue simu ya pauni 540 dukani. Bei hizi ni za mfano, lakini hazitofautiani sana na zile utakazokutana nazo. Mkataba wa pamoja ni ule wa binamu yangu, pauni 39 kwa mwezi. Uliogawanywa una pauni 22.50 za mkopo wa simu usio na riba na pauni 15 za huduma. Mtu wa laini peke yake amenunua simu kwa fedha taslimu, halafu analipa pauni 12 kwa mwezi.

| | Jumla kwa miezi 24 | Unachodaiwa ukitoka baada ya miezi 9 |
|---|---|---|
| Simu yako + laini ya siku 30 | 828 | 0 |
| Uliogawanywa, huduma ya siku 30 | 900 | 337.50 |
| Uliogawanywa, huduma ya miezi 24 | 900 | hadi 562.50 |
| Wa pamoja, miezi 24 | 936 | hadi 585 |

Tazama safu ya kati kwanza. Kati ya juu kabisa na chini kabisa kuna pauni 108 tu kwa miaka miwili. Mtu asiye na pauni 540 mfukoni anaweza kusema kwa haki kwamba pauni 108 ni bei nzuri ya kupewa simu leo na kuilipa polepole. Sina ubishi na hilo.

Sasa tazama safu ya mwisho. Mikataba miwili iliyogawanywa ina bei moja hadi senti, lakini mmoja unakudai pauni 337.50 ukitoka na mwingine karibu sawa na mkataba wa pamoja. Zile 337.50 ni deni la simu lililobaki, na simu inabaki kuwa yako. Huko hakuna adhabu, kwa sababu deni hilo ungelilipa hata ungebaki. Pauni 225 zinazoongezeka kwenye mstari wa tatu ndizo za kuvunja huduma ya miezi 24. Kwa hiyo kugawanywa kwa mkataba peke yake hakukupi uhuru. Uhuru unatoka kwenye muda wa ile karatasi ya huduma.

Nimeandika "hadi" kwa sababu Ofcom hairuhusu ada ya kuvunja izidi malipo yaliyobaki, na kampuni inapaswa kupunguza gharama inazookoa kwa kutokukuhudumia tena. Punguzo hilo huwa dogo. Kwa binamu yangu malipo 15 ya pauni 39 yalikuwa 585, wakapunguza asilimia 4, zikabaki zile 561.60.

Hapo tulikaa tukapiga hesabu ambayo watu huiruka kwa hasira. Akivunja, anaokoa pauni 23.40. Lakini bado atahitaji laini nyingine: pauni 12 kwa miezi 15 ni pauni 180. Kuvunja mkataba wa pamoja kungemgharimu zaidi ya kubaki. Na hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mara kwa mkataba wa aina hiyo, kwa sababu ada inakaribia malipo yote yaliyobaki. Unavunja pale tu mtandao haushiki nyumbani kwako, au unahama nchi, au mkataba umebakiza mwezi mmoja miwili na umepata kitu bora zaidi.

Kuna milango miwili isiyo na ada. Ukinunua kwa mtandao au kwa simu una siku 14 za kubadili mawazo, na unalipa tu ulichotumia. Ukinunua dukani ana kwa ana sheria hiyo haikuhusu, na ndiyo sababu mimi humwambia mgeni aende dukani kuishika na kuijaribu simu, kisha arudi nyumbani kuiagiza.

Mlango mwingine unafunguka kampuni ikibadilisha masharti kwa namna inayokuumiza na ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wako. Hapo una siku 30 za kuondoka bila adhabu. Oktoba 2025, O2 ilitangaza kwamba ongezeko la bei la kila mwaka litakuwa pauni 2.50 kwa mwezi badala ya pauni 1.80 zilizotajwa awali, na wateja wakapewa nafasi ya kuondoka. Walioondoka waliachiliwa mkataba wa huduma. Mkopo wa simu ni mkataba mwingine, na huo uliendelea kudaiwa.

Kuhusu maongezeko hayo ya kila mwaka, tangu 17 Januari 2025 kila mkataba mpya wenye ongezeko lazima utaje kiasi kwa pauni na peni, badala ya asilimia inayofuata mfumuko wa bei. Ni nafuu kwa msomaji, ila laini za bei ndogo zinaumia. Pauni 1.80 juu ya laini ya pauni 10 ni asilimia 18. Kwa laini ya siku 30 hilo halinitishi, maana naondoka. Kwa laini ya miezi 24, liweke kwenye hesabu kabla ya kusaini.

Kikomo cha kampuni na kikomo chako

Bili iliyomleta binamu yangu kwangu ilikuwa pauni 104.60. Mama mkubwa wa Korogwe alikuwa ameishiwa bando, WhatsApp haikupatikana, naye binamu akapiga namba ya +255 moja kwa moja. Mkataba ulisema "dakika bila kikomo". Dakika hizo ni za namba za Uingereza. Kupiga Tanzania au Kenya nje ya kifurushi kunaweza kuzidi pauni moja kwa dakika kwenye mitandao mikubwa, na yeye alitozwa 1.60. Waliongea dakika 41 kuhusu msiba na shamba. Pauni 65.60.

"Lakini si nina kikomo?" aliniuliza. "Waliniambia nimepewa kikomo."

Alikuwa nacho kweli, ila hakikuwa kile alichofikiria, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakichanganya vitu viwili.

Kikomo cha mkopo ni cha kampuni. Wanapokuchunguza kupitia Experian, Equifax au TransUnion, kampuni zinazotunza historia za mikopo ya watu, wanaamua wako tayari kukuamini kwa kiasi gani: laini ngapi, simu ya bei gani, na deni kiasi gani lilimbikizwe kabla hawajakuzuia na kudai ulipe sehemu. Kimewekwa kuilinda kampuni usitoroke na deni lake. Kwa binamu yangu kilikuwa juu sana kuliko pauni 104, kwa hiyo wakati anaongea hakuna kitu kilichomgusa bega.

Kikomo cha bili ni chako. Tangu 1 Oktoba 2018 sheria inailazimisha kila kampuni ya simu kumpa mteja nafasi ya kuweka kiwango cha juu cha gharama anaposaini au kurefusha mkataba. Ukishakiweka, lazima wakuarifu unapokikaribia, wakuarifu tena unapokifikia, na hawaruhusiwi kukutoza zaidi bila wewe kukubali. Simu za dharura za 999 zinaendelea kufanya kazi. Lakini usipokiweka, hakipo. Dukani muuzaji alimgeuzia binamu yangu kompyuta ndogo, akaulizwa juu ya kikomo, akabonyeza kuruka kwa sababu watu walikuwa foleni nyuma yake.

Unakiweka kwenye programu ya kampuni, sehemu iliyoandikwa Spend Cap, au Spend Manager kwa Vodafone. Mimi huweka sifuri. Sifuri maana yake nalipa ada ya mwezi na hakuna kingine. Kila kilicho nje ya kifurushi kinakataa. Siku nikihitaji kweli kupiga simu ya ng'ambo, naongeza pauni 5, napiga, nairudisha sifuri.

Ukifanya hivyo, angalia mambo mawili. Kwanza, kwenye programu hiyo hiyo tafuta kama manunuzi ya michezo na huduma za wengine yanayopitia bili yako yanahesabiwa ndani ya kikomo. Kama hayahesabiwi, omba yafungwe kabisa, hasa kama simu inashikwa na mtoto. Pili, zijue namba zinazokula pesa hapa hapa Uingereza. Zinazoanza na 084 na 087 hazimo kwenye dakika zako. Zinazoanza na 03 zimo, na 0800 ni bure. Ukiwa na kikomo cha sifuri na namba ya 0845 ikakataa, usidhani laini imeharibika.

Kwa upande wa vikomo basi, laini ya kulipa mbele haina cha kuogopa, maana salio likiisha limeisha. Aina nyingine zote, hata laini ya siku 30 yenye bili, zinahitaji uweke kikomo mwenyewe siku ya kwanza. Mkataba uliogawanywa haukukingi zaidi ya wa pamoja, kwa sababu bili inayopanda ni ile ya huduma, na inapanda kwa njia moja.

Ukikataliwa

Mgeni aliyefika juzi mara nyingi anakataliwa mkataba wa pili na wa tatu. Sababu kubwa ni kwamba faili lake la historia ya mikopo liko tupu. Wanaomchunguza hawaoni deni baya, wanaona hakuna kitu. Kosa la kawaida ni kukimbilia duka jingine, na jingine, siku hiyo hiyo. Kila ombi la mkopo linaacha alama ya uchunguzi, na alama nyingi za karibu karibu zinaonekana kama mtu aliyebanwa.

Chukua laini ya siku 30 ya kulipa mbele kwanza. Baada ya miezi kadhaa, chukua laini peke yake yenye bili, ilipwe moja kwa moja na benki kila mwezi, ili faili lianze kupata maandishi. Na kuna jambo ambalo Waswahili wengi hawaambiwi: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa halali ya kuishi Uingereza anaweza kujiandikisha kupiga kura. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Burundi na Kongo hazimo. Jina lako likiingia kwenye daftari la wapiga kura, wachunguzi wa mikopo wanathibitisha kwamba unaishi pale unaposema unaishi, na hilo peke yake linasaidia.

Upande wa pili wa faili ni kwamba ukiacha kulipa ukidhani umeondoka, deni likitangazwa kuwa limeshindikana linakaa humo miaka sita. Kufuta malipo ya benki si kuvunja mkataba. Nimeona watu wakirudi nyumbani likizo ndefu, wakafuta malipo, wakarudi Uingereza na faili lililochafuka kwa deni la simu.

Kuhama, ndani na nje

Kuhama mpango ndani ya kampuni ile ile kuna mtego wake. Kupanda, yaani data zaidi kwa pesa zaidi, wanaruhusu wakati wowote. Kushuka kwenye mkataba wa pamoja mara nyingi hawakuruhusu kabla muda haujaisha, kwa sababu bei ya simu imefichwa ndani ya yale malipo. Kwenye uliogawanywa huduma inaweza kushushwa bila kugusa mkopo wa simu, kama karatasi ya huduma inaruhusu. Na katika aina zote, kabla ya kukubali "ofa" ya kubadilishiwa mpango, uliza: "Tarehe yangu ya mwisho inabadilika?" Mara nyingi miezi 24 inaanza upya siku hiyo, na mtu aliyebakiza miezi minne anajikuta ana ishirini na minne.

Kuhamia kampuni nyingine na namba yako, tuma PAC kwenda 65075. Unarudishiwa namba ya siri ya kuhamia pamoja na ada yoyote unayodaiwa, na namba hiyo inadumu siku 30. Ukiipata haujavunja kitu bado. Mkataba unakatika pale kampuni mpya inapoitumia, na siku hiyo ndipo ada inapodaiwa. Kama huhitaji namba ya zamani, tuma STAC kwenda 75075. Tangu utaratibu huu uanze Julai 2019, kampuni ya zamani hairuhusiwi kukutoza siku za notisi baada ya siku uliyohama, kwa hiyo anayekwambia ulipe mwezi mmoja zaidi ili uondoke mwombe akuandikie hilo kwa maandishi.

Binamu yangu hakuvunja. Tuliweka kikomo cha sifuri jioni ile ile, na mama mkubwa sasa hutumiwa bando kabla ya kupigiwa. Kati ya siku 40 na 10 kabla ya mkataba kuisha kampuni inalazimika kumwarifu, lakini hasubiri ujumbe huo, kwa sababu mkataba wa pamoja ukipitiliza mwezi wa 24 unaweza kuendelea kulipa pauni 39 zile zile kwa simu ambayo umeshaimaliza. Tarehe ameiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake namba 65075.